Jinsi nilivyowaondoa mende nyuma ya jokofu bila kupuliza dawa

Mende waliojaa jikoni mwangu hapa Kisumu walikuwa wale wadogo wa kahawia, wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Hawa hukaa ndani ya nyumba, na jike hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 mpaka yanapokaribia kuanguliwa, hivyo ukiua wanaoonekana tu, kizazi kingine kinafuata.

Sikutaka dawa ya kupuliza karibu na sufuria na omena, kwa kuwa huacha sumu juu ya vyombo na huwatawanya mende hadi vyumba vingine. Nilinunua chambo cha jeli kinachouzwa katika bomba la sindano. Usiku niliwasha taa ghafla ili nione wanakokimbilia: nyuma ya mota ya jokofu, penye joto, na kwenye bawaba za kabati. Hapo ndipo nilipoweka matone madogo kama punje ya mchele, kamwe si juu ya rafu ya vyombo wala mahali mtoto anapofikia.

Jeli haifanyi kazi vizuri ikiwa kuna chakula kingine, kwa hiyo kila jioni nilifuta mafuta ya jiko, nikafunika unga na kukausha sinki. Mende anayekula hurudi kufia mafichoni, na wenzake hula kinyesi chake na mzoga, nao wakafa. Tone lililoliwa au kukauka nililiweka upya, kwani wanaoanguliwa baadaye huhitaji kulikuta. Baada ya wiki kadhaa, vinyesi vyeusi mithili ya pilipili manga iliyosagwa havikuonekana tena kwenye bawaba nilizokuwa nimezifuta.