Boti Zilizoongezewa Umri

Shemeji alinifuata dukani Kirumba akiwa na hesabu za kampuni ndogo ya boti za mizigo, zile zinazopakia mwaloni kwenda visiwani. Alitaka ninunue hisa. "Shemeji, tazama faida," akasema. Kabla ya kodi, 2023 ilikuwa milioni 42. 2024 imefika milioni 65.

Nikamwambia aniachie makaratasi. Usiku nikaruka kurasa za mbele nikaanza na maelezo ya hesabu, sehemu ya sera za uhasibu. Watu wengi huiruka kwa kuwa kila mwaka maneno ni yale yale. Mimi hutafuta neno lililobadilika, kwa hiyo nikaweka hesabu za miaka miwili ubavu kwa ubavu. Mwaka wa kwanza waliandika kuwa boti zinakatwa uchakavu, yaani bei yake inagawanywa kuwa gharama ya kila mwaka, kwa miaka 5. Mwaka wa pili, miaka 8. Sentensi nyingine zote hazikuguswa.

Nikapiga hesabu. Boti tatu zilinunuliwa mwanzoni mwa 2022 kwa milioni 300, hivyo uchakavu ulikuwa milioni 60 kwa mwaka. Baada ya miaka miwili zilibaki na thamani ya milioni 180 vitabuni. Ukizipa umri wa miaka 8, zimebakiza 6, na uchakavu unakuwa milioni 30. Jedwali la mali za kudumu, kwenye maelezo namba 7, lilionyesha milioni 30 hiyo hiyo. Kwa umri wa zamani, basi, faida ya 2024 ingekuwa milioni 35, chini ya ile ya mwaka uliotangulia.

Kubadili umri si wizi. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 8, kinahesabu hilo kuwa ni badiliko la makisio, ndiyo maana hesabu za miaka ya nyuma haziguswi, na ndiyo maana miaka miwili inayopangwa pamoja kwenye ukurasa mmoja inaweza kukudanganya bila mtu kusema uongo. Lakini kiwango hicho hicho kinataka kampuni itaje badiliko na kiasi chake. Hawa hawakutaja.

Je, boti zimekuwa imara zaidi? Nikatazama gharama za matengenezo: kutoka milioni 11 hadi 24. Boti inayokula spea namna hiyo sioni inavyoongezewa miaka mitatu.

Asubuhi nikampigia mhasibu wao. Akanijibu kwa heshima kwamba wakurugenzi ndio waliokadiria. Ripoti ya fundi hakuna, ila maboya na mabodi bado ni mazima. Kuhusu mabodi nilimwamini kidogo, kuhusu injini hapana.

Bei ya hisa ilipigwa kwa faida mara nne, yaani kampuni nzima milioni 260. Kwa milioni 35 ingekuwa 140. Tulivutana wiki mbili, shemeji akiwa katikati amenuna, wakashuka hadi 180. Nikanunua, kidogo kuliko alivyotaka.