Alama Sifuri ya Novemba 2016

Jana usiku binti yangu aliniletea swali la marudio lisemalo, "Eleza sababu tatu na athari tatu za matetemeko ya ardhi." Nilinyamaza kitambo. Swali hilohilo niliwahi kulisahihisha mjini Bukoba, mkoani Kagera, miezi miwili baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, katika chumba cha walimu ambacho ukuta wake ulikuwa bado na ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha hadi darini.

Mwongozo wa usahihishaji ulitoa alama 2 za utangulizi, 2 kwa kila sababu, 2 kwa kila athari na 1 ya hitimisho, jumla 15. Sababu ya kwanza iliyotajwa ilikuwa mabamba ya gamba la dunia kugongana, na hapakuwa na nafasi ya jibu jingine.

Insha nyingi nilizipitia upesi. Ya msichana mmoja wa kidato cha tatu ilinisimamisha. Aliandika, kwa Kiingereza chepesi, kwamba mabamba ya kwetu hayagongani bali yanaachana. Kwamba katika Bonde la Ufa mwamba huvutwa pande mbili hadi ukakatika, upande mmoja ukashuka, na nguvu iliyokuwa imejilimbikiza ikatoka kama mawimbi. Katika athari hakuishia kwenye "majengo kubomoka" kama wenzake. Alieleza kwamba matofali yaliyounganishwa kwa udongo huhimili vizuri uzito unaotoka juu, lakini yakisukumwa kwa ubavu huachana, hasa pasipo mkanda wa zege wa kuzifunga kuta pamoja. Ndiyo maana tetemeko la ukubwa wa 5.9, ambalo kiini chake kilikuwa kama kilomita 40 chini ya ardhi, liliangusha nyumba moja na kuiacha ya jirani ikiwa imesimama.

Kalamu nyekundu ilikaa juu ya neno "kuachana" kwa muda ambao bado naukumbuka. Nilijua kwamba yuko sahihi. Kugongana kwa mabamba husababisha matetemeko kwingine, kama Himalaya, lakini ardhi iliyotutikisa sisi ilikuwa inavutwa. Hata hivyo nilihofia kutofautiana na wasahihishaji wenzangu, nikaandika sifuri kwenye sababu ile, nikampa alama zote za athari, nikafunua karatasi iliyofuata.

Siku ya kurudisha karatasi aliisoma ile sifuri, akainua macho kuutazama ufa wa ukuta wa darasa, kisha akaikunja karatasi bila kuuliza. Sikumwita.

"Baba, nikiandika mabamba kuachana, watanipa?" binti yangu aliuliza jana.

Nilimwambia aandike yote mawili, kugongana na kuachana, na chini ya kuachana ataje Kagera. Iwapo mwalimu wake atampa alama, sijui.