Sekunde ishirini za mvua

Saa kumi na nusu alfajiri napanda matatu Kayole, na kabla ya saa kumi na mbili nimeshapitia barua pepe za maripota wote. Watu hudhani kazi ya redio ni ya mwenye sauti. Sauti yangu haisikiki hewani. Mimi huandika muhtasari wa habari ambao dada wa zamu husoma kila nusu saa: dakika mbili, habari sita, sekunde 20 kila moja.

Saa mbili kasoro robo ikaingia tahadhari ya mvua. Ripota alikuwa ameitafsiri kutoka Kiingereza:

"Mvua ya zaidi ya milimita 20 kwa saa 24 inayotarajiwa kuanza leo saa tisa usiku Nairobi, Kiambu na Machakos, kwa mujibu wa taarifa iliyotolewa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, inaweza kusababisha mafuriko kwa wakazi wa kando ya kingo za mito."

Nikaisoma kwa sauti, saa ya kupimia mkononi. Kusoma kimya hudanganya, kwa sababu "20" ni alama mbili tu kwenye skrini lakini mdomoni ni neno zima. Ikapita sekunde 20. Urefu haukuniudhi kama hiyo "inaweza". Nini inaweza? Mvua, taarifa na idara zote ni za ngeli moja, na mvua imeachwa mbali nyuma. Msomaji wa gazeti angerudisha jicho. Msikilizaji hana pa kurudi.

Kisha nikafungua taarifa yenyewe. Ilisema 9 p.m., yaani saa tatu usiku. "Saa tisa usiku" ingemwambia mtu ana saa sita zaidi za kuhamisha watoto. Nilikasirika, nakiri.

Nikaandika:

"Mvua kubwa itanyesha Nairobi leo kuanzia saa tatu usiku. Kiambu na Machakos pia zitapata mvua hiyo. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa inaonya kuhusu mafuriko. Walio hatarini zaidi ni wanaoishi karibu na mito."

Milimita nimeziacha, nyumbani hakuna anayezipima. "Kando ya kingo" aliikataa dada mwenyewe: "Ndugu yangu, hiyo itanikwama." Sekunde 16.

Saa mbili na dakika ishirini na tano, prodyusa: matangazo ya biashara yamezidi, una dakika moja na nusu. Kumwomba dada akimbie sikubali, maana majina ya kaunti humezana. Nikatoa habari nzima ya kandanda, nikang'oa sentensi ya mwisho katika habari tatu. Ile ya mito sikuigusa.

Baada ya hapo saa zilichanganyika. Muhtasari, chai, muhtasari, shingo inauma. Jioni nikamwachia wa zamu ya usiku maagizo: ikifika saa tatu asiandike "inanyesha" kabla hajampigia ripota aliye Mathare.