Barua kwa wazazi kuhusu kuotesha bakteria: jinsi nilivyoiandika hadi wakakubali

Mimi ni mwalimu wa bayolojia hapa Kampala, na muhula huu senia 2 wameotesha vijidudu kutoka vitasa vya milango na rimoti za nyumbani kwao. Kazi ya maabara haikunisumbua. Kilichonisumbua ni barua ya wazazi, na hasa ushauri niliopewa kabla ya kuiandika.

Mwalimu mwenzangu aliniambia, "Andika mistari miwili tu, sema ni vijidudu visivyo na madhara, weka sehemu ya sahihi." Haya, nikamwacha aandike yeye. Barua ikatoka Ijumaa, Jumamosi asubuhi simu haitulii. Mama mmoja akanipigia, "Mwalimu, mlijuaje havina madhara na bado hamjaviotesha?" Jamani, alikuwa sahihi kabisa! Baba mwingine akauliza kama tunafuga Ebola shuleni, na usimcheke, ile ya Mubende ya 2022 watu hawajaisahau.

Basi nikaitupa ile nikaandika yangu, na nikaanza na kitu ambacho wenzangu walisema kitawatisha: "Ndugu mzazi, hatujui ni vijidudu gani vitaota. Ndiyo maana kila sahani tutaichukulia kama ina kijidudu kibaya, na ikishapakwa mtoto hataifungua tena." Huo mstari ndio uliotuliza watu, sio kile cha "havina madhara".

Ebola nikaijibu kwa sentensi moja tu, kwamba ni virusi, virusi huzaliana ndani ya seli hai, kwenye agari, ile jeli ya chakula tunayomimina kwenye sahani, haviwezi kuota. Ila nikaongeza kwamba nyumba yenye mgonjwa wasichukue sampuli kabisa, maana pamba yenyewe inaweza kubeba kitu hata kama sahani haikioteshi.

Halafu nikaeleza mtoto atakuja na nini nyumbani: pamba safi ndani ya kimfuko, anailowesha kidogo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, anapaka kitasa, swichi ya taa, rimoti au meza, basi. Choo hapana, ubao wa kukatia kuku hapana, kidonda, mate, kamasi, kinyesi cha mbuzi, hapana hapana. Sababu nayo niliiandika, maana mzazi ukimwambia "marufuku" bila sababu anadhani unamficha kitu: huko ndiko vijidudu vya kuumiza watu vinapatikana kirahisi, na sisi tunavizidisha mara mamilioni.

Kuna jambo la joto ambalo nilidhani hakuna atakayelisoma, kumbe ndilo waliloliuliza zaidi. Tunaweka sahani kwenye kabati kwenye nyuzi kama 25 siku mbili tatu, hatuweki 37, kwa sababu 37 ni joto la mwili wetu na vijidudu vinavyopenda miili yetu vingefurahi sana. Kifuniko tunakishika kwa vipande vinne vidogo vya selotepu, hatukizungushi chote, kwani ukiziba hewa kabisa unakaribisha vile visivyotaka oksijeni, na baadhi ni vibaya. Siku ya kuangalia ndiyo tunazungusha selotepu yote, wanahesabu makoloni, yale madoa ya vijidudu vilivyoota, kupitia kifuniko bila kukifungua, na kupiga picha.

Swali la mwisho lilikuwa "mtatupa wapi?" na hapa ndipo ninapojisifu. Niliandika kwamba sahani zitaingia kwenye presha kuka, ndani ya mfuko ulioachwa wazi mdomo ili mvuke upenye, nusu saa nzima tangu mvuke uanze kutoka vizuri. Sufuria ya kawaida haitoshi, hasa hapa kwetu juu ambako maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100 na spora, zile mbegu ngumu za baadhi ya bakteria, zinavumilia. Zile sahani za plastiki nyembamba zinayeyuka zinakuwa donge moja, hata mtoto mtundu namna gani hafungui donge. Wazazi walilipenda hilo donge sijui kwa nini. Kuka yenyewe niliipata Owino kwa laki na kitu, na sasa haitapikia maharage tena milele.

Kitu kingine, usiandike jina kwenye sahani. Mimi natumia namba, na kwenye barua nikasema wazi kwamba makoloni mengi hayana maana ya nyumba chafu wala hatari, yanahesabu tu vile vilivyokubali kuota kwenye chakula chetu na joto letu. Kulikuwa na sahani ambayo pamba yake haikugusa chochote, ili tuone kama uchafu umetoka kwetu maabara, nayo ilitoa koloni moja la ukungu, tukaliandika hivyo hivyo.

Mzazi mmoja alikataa, sawa tu, binti yake alihesabu kutoka kwenye picha na alama akapata. Wengine wananifuata getini wanataka kujua namba ya jirani yao ni ipi. Siwaambii ng'o.