Mapambo ya Krismasi mgahawani: tulianza na sinia

Moshi ya Desemba si Moshi ya Machi. Watu wanarudi nyumbani kutoka Dar na Arusha, na kuanzia tarehe 20 hivi ukoo mzima unaweza kuingia kwa mkupuo kwenye mgahawa wetu wenye meza 12. Wanaunganisha meza tatu, nne, na viti vinavutwa kutoka kila kona. Pambo linalokaa juu ya meza litaishia kuhamishiwa dirishani au mapajani mwa mtoto.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, niliwakalisha wahudumu wachache kama wateja walioshiba, viti vimesukumwa nyuma, halafu mmoja akapita katikati na sinia lililojaa soda. Njia ya kutoka jikoni niliipima kwa tepu: sentimita 90 watu wakiwa wameketi. Hapo sinia linapita bila kiwiko kugusa mtu. Nilipoweka ndoo mahali nilipotaka mti, pakabaki 60.

"Bosi, hapo mchuzi utamwagikia wageni," dada wa zamu ya mchana akaniambia.

Mti ukaenda ukutani. Tulichukua matawi makavu, tukayafunga kwa waya ya kufungia maua, marefu chini na mafupi juu, yakapata umbo la mti, tukayazungushia taa. Unene wake haufiki kiganja. Tuliuweka ukuta wenye soketi ili pasiwepo waya unaokatiza sakafuni, maana waya uliofunikwa kwa selotepu haukai: sakafu ikidekiwa mara mbili, gundi inaachia na mguu unanasa.

Vya kuning'inia tulivifunga kwa mshipi wa kuvulia samaki, ambao hauonekani kwa mbali. Kipimo kilikuwa mhudumu wetu mrefu kuliko wote akiwa amebeba sinia begani. Hakuna kitu kilichoshuka chini ya mita 2 na sentimita 20. Karibu na panga boi hatukufunga kitu kabisa. Upepo wake unazungusha mshipi mpaka unajisokota na kukamatwa na panga.

Zile nyuzi za kumetameta nazo zina siri yake. Dukani nilizisugua kwenye kitambaa cheusi. Nyingine ziliacha unga wa kung'aa, na huo ungeshukia kwenye mtori wa mtu. Nilinunua zisizopukutika tu, na hata hizo zilikaa juu ya kaunta na mlangoni, si juu ya meza. (Theluji ya kopo niliikataa. Ukitoka nje siku isiyo na mawingu, Kibo anayo ya kweli.)

Mezani tulibakiza chumvi, pilipili na tishu. Rangi ya sikukuu ilitoka kwenye vitambaa vyekundu, ambavyo havichukui nafasi. Mafundo ya utepe kwenye migongo ya viti sikuyataka, kwa sababu yananasa kamba za aproni mtu anapopita kwa haraka, na siku ya Boxing Day hakuna anayepita polepole.