Kikapu kilichokatika katikati

Jana usiku nimekesha na posti ya vikapu vya ukili vya dada, slaidi 5 zenye khanga moja nyuma inayotiririka toka ya kwanza mpaka ya mwisho. Turubai moja ndefu, pikseli 5400 kwa 1350, maana kila slaidi ni 1080, nikaweka mistari ya mwongozo kila baada ya 1080 afu nikapanga vikapu juu yake. Kosa langu nikakrop kwa macho jamani 😭 kuswaipu naona pindo la khanga linaruka, kama mtu kashona nguo gizani, kumbe slaidi ya 3 imeanzia pikseli 2172 badala ya 2160, zile 12 hazipo popote. Nimerudia kwa kuandika namba yenyewe, 0, 1080, 2160, 3240, 4320, imeungana vizuri kabisa.

Kikapu kikubwa nimekiacha makusudi kikae mpakani mwa 1 na 2, mtu akiona nusu lazima aswaipu amalizie. Ila bei isikae pale, mie "25,000" ilibaki "25," dada kapigiwa simu na mtu anataka cha shilingi ishirini na tano 😂