Jinsi nilivyopata eneo la kutosha kuanika mahindi ya magunia 60

Uwanja wetu wa saruji una mita 12 kwa 10, yaani mita za mraba 120, na mahindi yaliyosubiri kupukuchuliwa na kuanikwa yalikuwa ya kutoa magunia 60 ya kilo 100. Nilitaka tabaka lisizidi sentimita 4, kwa kuwa likiwa nene zaidi punje za juu hukauka huku za chini zikibaki na unyevu, zikipata joto na hatimaye ukungu. Ukipenyeza mkono chini ya tabaka, utalihisi joto hilo kabla ya kusikia harufu.

Kwanza nilijaza debe la lita 20 mahindi yale yale, bila kuyashindilia, nikalipima: kilo 14 bila uzito wa debe, ambazo ni sawa na kilo 700 kwa mita moja ya ujazo. Kipimo hiki kinafaa kurudiwa kila msimu, kwani hubadilika kufuatana na mbegu na unyevu. Kilo 6,000 ukizigawanya kwa 700 unapata mita za ujazo 8.57, na ukigawanya tena kwa kina cha mita 0.04, unahitaji mita za mraba 214, kabla hata ya kutenga njia za kupita mgeuzaji.

Baada ya kuacha njia, uwanja ulibaki na mita za mraba 110 hivi, zinazobeba kilo 3,080. Kwa hiyo tulipukuchua magunia 30 tu, na mengine tukayaacha katika magunzi ndani ya kihenge chenye kupitisha hewa hadi awamu ya kwanza ilipokauka.